Rafiki aliyehama nyumba: ramani mbili za nyota na mhimili wa nyumba ya 5 na ya 11

*"Nina miaka 26. Nilizaliwa Goma tarehe 9 Februari 1999, saa sita na dakika kumi usiku. Niko na rafiki mwanaume tangu sekondari, yeye alizaliwa Bukavu tarehe 3 Novemba 1998, saa hatuijui. Mwaka 2024 niliachana na mchumba wangu. Januari 2025 mji ulipoingiliwa, huyu rafiki ndiye alikuwa anatuletea maji kwa bidoni kila asubuhi. Tangu mwezi wa tisa 2025 nikimwona roho inadunda, na macho yake pia yamebadilika. Nilitengeneza ramani ya nyota kwenye simu: imesema buruji yangu inayochomoza ni Mshale, na kwamba mimi Ndoo na yeye Nge hatupatani. Je, nyota zinaonyesha mapenzi hapa, au ni urafiki tu? Niseme au ninyamaze?"*

Dada, tuanze na saa, maana ramani uliyo nayo kwenye simu si yako. Baadhi ya programu ukiziandikia Kongo zinachukua saa za Kinshasa, ambazo ziko saa 1 mbele ya UTC, saa ya msingi ya dunia. Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa 2 mbele. Kwa hiyo ulipoandika saa sita na dakika kumi, programu ilikuchorea mtoto aliyezaliwa saa saba na dakika kumi. Rudi kwenye sehemu ya mahali na saa, ukiona `Africa/Kinshasa` iondoe, uweke `Africa/Lubumbashi`. Saa moja inaonekana kitu kidogo, lakini buruji inayochomoza mashariki hubadilika karibu kila baada ya saa 2. Kwako wewe tofauti hiyo inakutoa karibu nyuzi 7 za Mshale na kukurudisha karibu nyuzi 22 za Nge. Na buruji inayochomoza ikihama, nyumba zote 12, yaani vipande 12 vya ramani ambavyo kila kimoja kinasimamia upande mmoja wa maisha, zinahama nayo. Swali lako lote ni la nyumba, kwa hiyo hapo ndipo jibu lilipopotea.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kumwamini mtu. Sisi tuko karibu na ikweta, Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima. Aliyezaliwa saa sita usiku lazima Jua lake liwe karibu kabisa na sehemu ya chini ya duara, kama vile wa saa sita mchana linavyokuwa juu kabisa. Kwenye ramani iliyosahihishwa Jua lako liko nyuzi chache tu kutoka chini. Alama ya pili ni Mwezi. Tarehe 8 Februari 1999 Mwezi ulikuwa nusu, ule unaopungua, na Mwezi wa namna hiyo huchomoza karibu na usiku wa manane. Ndiyo maana kwenye ramani yako sahihi unakaa palepale kwenye upeo wa mashariki, katika Nge. Kama mama au shangazi anakumbuka kipande cha mwezi kikipanda ulipozaliwa, saa yako imethibitishwa.

Muulize pia ni usiku gani. Wazee wengi hapa wakisema "usiku wa tarehe 9" wanamaanisha usiku unaofuata mchana wa tarehe 9, na huo kwa kalenda tayari ni tarehe 10. Ukiwa wa tarehe 10, Mwezi wako umeshaingia Mshale. Na kama saa umeitoa kwenye hati ya kuzaliwa, isome tena polepole: saa inayoandikwa mwanzoni mwa hati nyingi ni ile ambayo baba au mjomba alifika mbele ya afisa wa hali ya raia kukuandikisha. Wewe ulikuwa umeshazaliwa siku au hata miezi kabla. Saa ya kuaminika ni ile ya daftari la hospitali au ya mdomo wa mama, na hata ya mama umuulize kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu, maana "saa mbili" mjini kwetu ina maana mbili. Nitaendelea nikichukua kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 ndio wenyewe.

Sasa hilo la Ndoo na Nge kutopatana. Linatokana na jambo la kweli: buruji hizo mbili ziko pembe ya 90, pembe ya msuguano. Lakini pembe hupimwa kwa nyuzi. Jua lako liko karibu nyuzi 20 za Ndoo, lake karibu nyuzi 11 za Nge. Zinapishana kwa nyuzi 9, na wanajimu wengi wakilinganisha ramani mbili hawahesabu kiungo kilicholegea hivyo. Hata kingekuwa kimebana, Jua na Jua linasema kidogo sana kuhusu mapenzi. Weka kando.

Tuingie sasa kwenye nyumba. Katika mfumo wa kale, ule unaochukua buruji nzima kuwa nyumba moja, nyumba ya 11 ndiyo ya marafiki, na nyumba ya 5 ndiyo ya raha, mahaba na watoto. Wanajimu wa zamani walisema Mshtarii, sayari ya ukarimu, hufurahi katika ya 11, na Zuhura, ile ambayo wengi hapa wanaijua kwa Kifaransa kama Vénus, hufurahi katika ya 5. Nyumba hizo mbili zinatazamana uso kwa uso kwenye duara, kama nyumba mbili za ng'ambo ya barabara moja. Kitu kikikaa katika moja, macho yake yako kwenye mlango wa nyingine. Hapa ndipo mnajimu anapoanza kutafuta rafiki anayegeuka mpenzi: je, sayari ya rafiki imekaa katika nyumba yako ya 11, na ng'ambo yake, katika ya 5, kuna kitu chako inachokitazama?

Kwako kipo. Nge ikichomoza, nyumba yako ya 11 ni Mashuke na ya 5 ni Samaki. Zuhura yako iko Samaki, karibu nyuzi 14, ndani ya nyumba ileile inayoipenda. Mirihi ya rafiki yako, sayari ya joto na ya kuchukua hatua, iko karibu nyuzi 16 za Mashuke. Imekaa kwako upande wa marafiki na inaitazama Zuhura yako moja kwa moja, kwa tofauti ya nyuzi 2 hivi. Kwa ramani ile ya makosa, ya Mshale, Zuhura yako ilikuwa nyumba ya 4 na Mirihi yake nyumba ya 10, yaani nyumbani na kazini, na mnajimu angekuambia kwa nia njema kabisa kwamba huyu ni mtu wa kufanya naye biashara.

Kwa nini basi miaka yote ya shule hamkuona kitu? Kwa sababu kati yenu kuna viungo vingine vilivyotangulia kuonekana. Zuhura yake iko karibu nyuzi 12 za Nge, pembe ya 120 na Zuhura yako. Hicho ndicho kiungo cha watu wanaocheka jambo lilelile, wanaopenda muziki uleule, wanaokaa saa nzima bila mmoja kumchosha mwingine. Ni kiungo kitamu lakini hakina moto: Zuhura mbili zinakubaliana, na wanaokubaliana hawana haja ya kuvukiana barabara. Watu wenye kiungo hicho peke yake hubaki marafiki hadi uzeeni na hakuna kinachoharibika. Zuhura ikikutana na Mirihi kwa kutazamana, kuna mmoja anayetaka na mmoja anayetakwa, na kuna umbali unaoomba kuvukwa. Kiungo hicho kinaweza kulala miaka mingi ikiwa mmoja wenu ana mchumba, au mko darasani, au hakuna aliyethubutu.

Programu yako itakuonyesha pia kitu kinachong'aa: Mshtarii wake kwenye nyuzi 18 hivi za Samaki, karibu na Zuhura yako, ndani ya nyumba yako ya 5. Wengi wangekupigia vigelegele. Mimi nakipunguzia uzito, na sababu ni hii. Mshtarii hutembea polepole, na mwishoni mwa 1998 ulikuwa karibu umesimama hapohapo. Kila mwanafunzi mwenzako aliyezaliwa Oktoba au Novemba ya mwaka huo anao mahali hapo, pamoja na yule aliyekuwa anakuibia kalamu. Kiungo ambacho nusu ya darasa wanacho hakiwezi kukuambia kwa nini huyu. Mirihi hutembea zaidi ya nusu nyuzi kwa siku, kwa hiyo walio nayo ndani ya nyuzi 4 za kutazamana na Zuhura yako walizaliwa katika muda wa wiki 2 tu. Ukilinganisha ramani na mtu wa rika lako, anza na zinazokimbia: buruji inayochomoza, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua na Mirihi. Za polepole ni za kizazi kizima.

Kuhusu wakati. Mwaka 2024 Zohali, sayari ya kubana na kuchelewesha, ilipita juu ya Zuhura yako mara 3: mwanzoni mwa Aprili, katikati ya Oktoba, na mwishoni mwa Desemba. Mnajimu hasomi hapo kwamba "nyota zilikunyima mchumba". Anasoma kipindi ambacho mapenzi yasiyo na mizizi yanachoka na mtu anabaki peke yake kidogo. Kisha tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulipatwa kabisa. Bila mawingu, Goma ungeuona ukiwa mwekundu kuanzia karibu saa moja na nusu jioni. Ulikuwa kwenye nyuzi 15 za Samaki, na Jua nyuzi 15 za Mashuke: mstari uleule wa Zuhura yako na Mirihi yake, kwa nyuzi 1 tu kila upande. Tarehe uliyoitaja mwenyewe, mwezi wa tisa, imeangukia hapo. Kwa kanuni za sanaa hii, ndivyo urafiki unavyohama nyumba: kiungo cha zamani kinaguswa na kitu kinachopita, na kilicholala kinaamka.

Lakini nikikuachia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa nusu. Soma hadithi hiyohiyo bila nyota hata moja. Mwanamke ameachwa mpweke mwaka mzima. Mji unaingiliwa, benki zinafungwa, na mtu mmoja anafika mlangoni kila asubuhi na maji. Ingekuwa ajabu kama moyo usingedunda. Hofu ya pamoja huwaunganisha watu haraka, na wakati mwingine inapopungua, kinachobaki ni shukrani iliyovaa nguo za mapenzi. Ramani haiwezi kukutenganishia vitu hivyo viwili. Wala hakuna jaribio la kisayansi lililoonyesha kwamba wanajimu wanaweza kufanya kazi hii kwa uhakika: lile linalojulikana zaidi, lililochapishwa mwaka 1985 katika jarida la Nature, liliwapa wanajimu ramani walinganishe na maelezo ya tabia za wenyewe, na hawakushinda kubahatisha. Ichukue ramani kama lugha ya kuulizia maswali. Na la muhimu zaidi: haijui yeye anahisi nini. Mirihi yake inatazama Zuhura yako iwe anakupenda au hakupendi.

Maswali inayoyauliza ni mazuri, hata hivyo. La kwanza liko kwenye buruji zenyewe. Mirihi katika Mashuke hupenda kwa kutengeneza: atakuja na bidoni, atarekebisha soketi, atakuambia ulivyofunga mzigo kwenye pikipiki haukukaa vizuri. Zuhura katika Samaki hupenda kwa ulaini na kusamehe, na maneno ya kusahihishwa kila siku huiumiza. Mkiwa marafiki, kusahihishwa ni msaada. Mkiwa wapenzi, sentensi ileile inasikika kama dharau. Hapo ndipo wenye kiungo hiki hugombana, na dalili unaweza kuiona tangu sasa: akikukosoa, je, bado unacheka kama zamani, au umeanza kunyamaza na kubeba neno hadi usiku? Kama umeanza kubeba, umeshavuka barabara wewe peke yako, na ni vema yeye ajue.

La pili ni la kudumu. Wanajimu wakitafuta kama mvuto utakuwa nyumba ya watu wawili, wanaangalia kama Zohali ya mmoja inashika Zuhura, Jua au Mwezi wa mwingine. Kati yenu, kwa tarehe ulizonipa, kiungo hicho sikioni, isipokuwa pengine kwa Mwezi wake, na huo siwezi kuusoma. Tarehe 3 Novemba 1998 Mwezi ulihama kutoka Kondoo kwenda Ng'ombe siku hiyohiyo. Kama alizaliwa alfajiri au asubuhi, Mwezi wake uko mwishoni mwa Kondoo, jirani na Zohali yako iliyo karibu nyuzi 28 za Kondoo. Hicho ni kiungo kizito: mtu anayekutegemea na kukuogopa kidogo kwa wakati mmoja, mapenzi ya wajibu, yanayokaa. Kama alizaliwa jioni, uko mwanzoni mwa Ng'ombe, ukitazamana na Mirihi yako iliyo karibu nyuzi 6 za Nge, na hapo ni moto juu ya moto: mvuto mkubwa, ugomvi wa haraka, mapatano ya haraka. Saa yake ingebadilisha nusu ya jibu langu. Bila hiyo, hata nyumba zake sizigusi, na mtu akikusomea "wewe unaangukia nyumba yake ya 7" bila saa, amebuni.

Useme au unyamaze? Kusema kuna hatari moja ya kweli: akikataa, urafiki utayumba miezi kadhaa, na huyu ni mtu ambaye familia yako imemtegemea kwa maji. Kunyamaza kuna hatari yake pia. Mvuto wa kutazamana ukinyimwa maneno hugeuka wivu, na siku atakapoleta msichana mwingine utamkasirikia bila yeye kujua kosa lake. Kwa viungo hivi ningeegemea kusema, kwa maneno machache na ana kwa ana, pasipo ujumbe wa WhatsApp wa saa nne usiku. Mwambie kitu kidogo ambacho anaweza kukijibu bila kukuvunja heshima: kwamba tangu mwezi wa tisa unamwona tofauti, na ungependa kujua kama ni wewe peke yako. Kisha mpe siku zake. Mirihi ya Mashuke haijibu papo hapo, hupima kwanza.

Tarehe 3 Machi 2026 kuna kupatwa kwingine kwa Mwezi, karibu nyuzi 13 za Mashuke, mkabala na Zuhura yako. Goma hakutaonekana, ni mchana. Usikipange kuwa siku ya maneno yako. Mila ya wanajimu ni kutoanzisha jambo siku ya kupatwa, kwa sababu kinachoibuka hapo kinaibuka bila mpango. Wiki kadhaa kabla au baada ni sawa.

Ukitaka mnajimu akuangalie ana kwa ana, mfuate kwa kazi moja: kurekebisha saa ya kuzaliwa kwa kutumia matukio ya maisha yako yenye tarehe, kama kifo katika familia, kuhama, kuanza kazi. Kazi hiyo inahitaji mazungumzo marefu. Atakayekutaka dola za "kumfunga" huyo kijana, au atakayekuambia umletee nguo yake, huyo si mnajimu, toka. Na kama usiku bado unashtuka kwa sauti za Januari ile, au hulali, au roho inadunda hata asipokuwepo, nenda kwanza kituo cha afya uulize msaidizi wa kisaikolojia. Mdundo huo unaweza kuwa wa vita kuliko wa mapenzi, na una matibabu yake.

Kuhusu saa ya rafiki yako, mwambie aulize mwenyewe. Ukimpigia simu mama yake Bukavu kumuuliza kijana wake alizaliwa saa ngapi, mama wa Kivu atajua unachotaka kabla hujamaliza kumsalimia, na kesho yake shangazi zote watakuwa wanajua, isipokuwa yeye.